Makosa Yanayofutana na Bado Yanapotosha: Miaka ya Shule na Kipato

Mdadisi wa utafiti wa kaya anabisha hodi, anakaribishwa, anafungua dodoso lake na kuanza kuuliza habari za kila anayelala katika nyumba ile: umri, jinsia, ndoa, na darasa la juu kabisa alilofikia. Katika tafiti nyingi kubwa za kaya anayejibu sehemu hii ni mtu mmoja kwa niaba ya wote. Mama anasema mumewe aliishia kidato cha pili. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Huenda pia aliingia kidato cha pili akaondoka muhula wa kwanza, au alimaliza cha tatu lakini hapendi kuyazungumzia mambo ya shule, basi mkewe hajapata kujua. Wa shemeji anakadiriwa tu. Mdadisi anaandika namba, anahamia swali linalofuata.

Baadaye namba hizo hugeuzwa kuwa miaka ya shule, na hapo makosa mengine huingia. Chukua Kenya. Aliyemaliza kidato cha nne chini ya mfumo wa zamani alisoma miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari, jumla 11. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kidato cha nne kikawa mwisho wa safari ya miaka 12. Mchambuzi anayempa kila aliyefika kidato cha nne idadi moja ya miaka atakuwa amewakosea watu wa rika moja au la pili. Nchini Tanzania aliyekariri darasa anaweza kuhesabu miaka 8 aliyokaa shuleni, au 7 kwa kuwa aliishia la saba, kutegemea alivyolielewa swali.

Watu wengi, wakiwamo wanaofanya tafiti, hujipa moyo kwamba makosa ya namna hii hayana madhara makubwa. Wengine wamezidishiwa, wengine wamepunguziwa, na mwisho wa hesabu yatafutana. Kwa wastani hoja hiyo ni sahihi. Ukitaka kujua watu wa wilaya fulani wamesoma miaka mingapi kwa wastani, makosa yasiyoelemea upande mmoja hufutana kweli. Lakini watafiti wa uchumi hawaishii hapo. Wanataka kujua mwaka mmoja wa shule unaongeza kipato kwa kiasi gani, na katika swali hilo makosa yaleyale yaliyofutana kwenye wastani hayafutani hata kidogo. Yanalisukuma jibu upande mmoja, kila mara upande uleule: yanaifanya shule ionekane na faida ndogo kuliko iliyo nayo.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa watu wanne tu, tena kwa hesabu ya darasa la sita.

Tuseme wawili waliishia darasa la saba, yaani wana miaka 7 ya shule, na wawili walimaliza kidato cha nne, miaka 11. Ni watu wa kubuni, kwa hiyo tunaweza kuamua ukweli wao sisi wenyewe. Tuamue kwamba kila mwaka wa shule unaongeza shilingi 20,000 kwenye kipato cha mwezi. Wenye miaka 7 wanapata shilingi 240,000 kila mmoja. Wenye miaka 11 wanapata 320,000. Kati ya makundi haya mawili kuna tofauti ya shilingi 80,000 na tofauti ya miaka 4. Gawanya, unapata 20,000. Anayejua ukweli hana cha kuhangaika.

Mtafiti lakini hauoni ukweli, anaiona karatasi ya mdadisi. Na kwenye karatasi, mmoja wa wale wa darasa la saba ameandikiwa miaka 5 na mwenzake miaka 9. Mmoja wa wale wa kidato cha nne ameandikiwa 9, mwenzake 13. Kila mtu amekosewa kwa miaka miwili, wawili kwenda juu na wawili kwenda chini, wala hakuna kundi lililoonewa. Wastani wa kweli ulikuwa miaka 9, na wastani wa karatasi ni miaka 9 vilevile. Vipato vimeandikwa bila kosa lolote.

Sasa mtafiti anapanga watu kwa miaka iliyoandikwa. Mwenye miaka 5 anapata 240,000. Wenye miaka 9 wako wawili, mmoja anapata 240,000 na mwingine 320,000, wastani wao 280,000. Mwenye miaka 13 anapata 320,000. Ukiziweka nukta hizi tatu kwenye mchoro zinakaa kwenye mstari ulionyooka kabisa, wenye kupendeza macho: kila miaka minne inaongeza shilingi 40,000. Mtafiti anaandika kwenye ripoti yake kwamba mwaka mmoja wa shule una thamani ya shilingi 10,000. Nusu ya ukweli imepotea, na hakuna dalili yoyote kwenye mchoro ya kumshtua.

Imepoteaje? Mwangalie aliyeandikiwa miaka 13. Hakuna mtu mwenye miaka 13 katika kundi hili. Aliyefika hapo ni mtu wa miaka 11 aliyesukumwa juu na kosa. Aliyeandikiwa 5 naye ni mtu wa miaka 7 aliyesukumwa chini. Ukienda kwenye ncha za orodha utawakuta zaidi watu ambao kosa limewapeleka huko, na kwa kweli wao wako karibu zaidi na katikati. Vipato vyao havikusukumwa. Kwa hiyo pengo lilelile la shilingi 80,000, ambalo kwa kweli limetokana na miaka 4, sasa linaonekana limetandazwa juu ya miaka 8, kuanzia 5 hadi 13. Nao wale wawili wa katikati, walioandikiwa miaka 9, ni mchanganyiko wa watu wawili tofauti kabisa waliowekwa kapu moja. Ni kama kuuvuta mpira ubavuni: urefu wa kwenda juu haukuongezeka, upana ndio uliotanuka, basi mlima uliokuwa mkali ukawa mwinuko wa kawaida.

Kiasi kinachopotea kina kanuni yake, na kanuni hiyo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Pima kwanza watu wametawanyika kiasi gani katika ukweli: chukua umbali wa kila mmoja kutoka kwenye wastani, uzidishe kwa wenyewe, kisha tafuta wastani wa majibu. Katika mfano wetu kila mtu yuko miaka 2 kutoka kwenye 9, kwa hiyo mtawanyiko wa kweli ni 4. Fanya hivyohivyo kwa makosa: kila kosa ni miaka 2, mtawanyiko wake ni 4 pia. Mtawanyiko unaoonekana kwenye karatasi ni jumla ya hivi viwili, yaani 8. Sehemu iliyo ya kweli ni 4 kati ya 8, nusu, na nusu ndiyo iliyobaki ya zile shilingi 20,000. Kama wangekosewa mwaka mmoja mmoja badala ya miwili, mtawanyiko wa makosa ungekuwa 1, sehemu ya kweli ingekuwa 4 kati ya 5, na mtafiti angepata shilingi 16,000. Uwiano huo wa kweli kwa jumla ndio unaoitwa uthabiti wa kipimo. Mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman alikwisha kuonyesha mwaka 1904 kwamba uhusiano kati ya vitu viwili hufifia vikipimwa kwa kipimo kisicho thabiti, na akatoa njia ya kuurekebisha.

Kuna mambo mawili hapa ambayo huwapita hata watu wenye uzoefu. La kwanza ni kwamba kuongeza idadi ya wahojiwa hakusaidii. Tuwachukue watu 4,000 badala ya wanne, wote wakikosewa kwa mtindo uleule. Jibu litakuwa shilingi 10,000 tena. Kitakachobadilika ni uhakika wa mtafiti: mipaka ya makadirio yake itabanana sana kuizunguka namba isiyo sahihi. Ninaliona hili kuwa la hatari zaidi katika habari nzima, kwa sababu sampuli kubwa ndiyo kitu cha kwanza tunachokitafuta tunapotaka kuuamini utafiti.

La pili ni kwamba kosa kwenye kipato halifanyi madhara haya. Turudishe miaka ya shule kwenye ukweli wake, 7 na 11, kisha tuvikosee vipato kwa shilingi 30,000. Wa darasa la saba mmoja anaandikiwa 210,000, mwingine 270,000. Wa kidato cha nne mmoja 290,000, mwingine 350,000. Wastani wa kundi la kwanza bado ni 240,000, wa kundi la pili 320,000, na pengo la 80,000 kwa miaka 4 linabaki palepale. Nukta zimetawanyika zaidi kwenye mchoro, hivyo tunahitaji watu wengi ili kuuona mstari vizuri, lakini mstari wenyewe haujainama. Sababu ni kwamba tunawapanga watu kwa miaka ya shule. Kosa lililo kwenye kile tunachopangia linawahamisha watu kutoka kundi hadi kundi. Kosa lililo kwenye kile tunachokipima ndani ya kundi hufutana humohumo.

Ukilishika hilo, dawa inajionyesha yenyewe. Kama tatizo ni kuwapanga watu kwa jibu lenye kosa, tutafute jibu la pili kuhusu miaka ileile ya shule, kutoka kwa mtu mwingine, tuwapange kwa hilo.

Tuongeze watu wetu wawe wanane, wanne wa darasa la saba na wanne wa kidato cha nne, na kwa kila mmoja tumuulize yeye mwenyewe na pia ndugu yake. Ndugu hana kumbukumbu bora. Naye anakosea miaka miwili juu au chini, ila kosa lake halifuatani na la mhusika: katika kila kundi la wanne, mmoja amekosewa na wote wawili kwenda chini, mmoja na wote wawili kwenda juu, na wawili waliobaki wamekosewa huku na huku. Ukitumia jibu la ndugu peke yake utapata shilingi 10,000 zilezile. Ukichukua wastani wa majibu mawili utapata karibu shilingi 13,300. Ni nafuu, lakini bado pungufu.

Fanya hivi badala yake. Wapange watu kwa jibu la ndugu, kisha katika kila kundi tafuta wastani wa majibu yao wenyewe. Ambao ndugu zao wamesema 5 ni wawili, wote wa darasa la saba kwa kweli. Wenyewe mmoja amesema 5 na mwingine 9, wastani 7. Ambao ndugu zao wamesema 13 ni watu wa kidato cha nne; wenyewe mmoja amesema 9, mwingine 13, wastani 11. Kipato cha kundi la kwanza ni 240,000, cha kundi la pili 320,000. Pengo la shilingi 80,000, miaka 4, jibu 20,000. Ukweli umerudi wote, na hakuna hata mtu mmoja aliyejibu sawasawa. Kilichofanya kazi ni kwamba makosa ya mhusika hayakutumika kumpangia kundi, kwa hiyo yamepata nafasi ya kufutana.

Utafiti uliofanya jambo hili lijulikane sana ulifanyika katika mji unaoitwa Twinsburg, jimbo la Ohio nchini Marekani. Kila Agosti mapacha hukusanyika huko kwa maelfu katika tamasha lao, wengi wakiwa wamevaa nguo za sare. Mwaka 1991 wachumi Orley Ashenfelter na Alan Krueger wa Chuo Kikuu cha Princeton walipeleka wahoji kwenye tamasha hilo. Walichokitaka kwanza ni kuondoa hoja ya kipaji. Watu waliosoma sana huenda wanalipwa vizuri kwa sababu ni werevu au wametoka familia zenye uwezo, wala si kwa sababu ya shule. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile na wamelelewa nyumba moja. Kama mmoja amesoma miaka 12 na mwenzake 16, tofauti ya mishahara yao inatuambia habari ya shule kwa usafi zaidi.

Lakini ulinganisho huo unaoondoa kipaji unayakuza makosa. Fikiria mapacha wawili waliosoma miaka sawa, kama ilivyo kwa mapacha wengi. Mmoja akiandikwa 12 na mwingine 13, tofauti yote iliyo kwenye karatasi ni kosa, hakuna hata chembe ya ukweli ndani yake. Tupige hesabu ya kukadiria. Tuseme katika kila sehemu 10 za mtawanyiko wa miaka ya shule, 9 ni za kweli na 1 ni ya makosa. Ni kipimo kizuri, kinachofifisha jibu kwa asilimia 10 tu. Sasa tuseme sehemu 6.5 kati ya zile 9 ni za pamoja kwa mapacha, kwa kuwa nyumba ni moja. Ukitoa pacha mmoja kwa mwingine, zile za pamoja zinaondoka. Zinabaki 2.5 za kweli dhidi ya 1 ya makosa, maana makosa hayana undugu, hayaondoki. Uthabiti unashuka kutoka asilimia 90 hadi 71 hivi. Dodoso ni lilelile, wahojiwa ni walewale, na jibu sasa linapungua kwa karibu theluthi moja.

Ashenfelter na Krueger walilitambua hilo kabla ya kwenda, ndiyo maana kila pacha aliulizwa kando, kuhusu elimu yake na pia kuhusu elimu ya mwenzake. Kwa kulinganisha majibu walikadiria kwamba kati ya asilimia 8 na 12 ya mtawanyiko wa miaka ya shule ni makosa. Katika matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, ulinganisho wa kawaida wa mapacha ulionyesha kwamba mwaka mmoja wa shule unaongeza mshahara kwa asilimia 9 hivi. Walipotumia jibu la pacha mwingine kurekebisha makosa, jibu lilipanda hadi kati ya asilimia 12 na 16. Mwaka 1998 Ashenfelter na Cecilia Rouse, wakiwa na mapacha wengi zaidi wa tamasha lilelile, walipata wastani wa asilimia 9 kwa mapacha wa kufanana baada ya kufanya marekebisho. Namba ya kwanza ilikuwa kubwa kwa kiasi fulani kwa sababu sampuli yake ilikuwa ndogo. Lakini njia ya kuuliza mara mbili ilibaki imara, na imetumika na watafiti wengi tangu hapo.

Njia hiyo ina masharti, na ni lazima yasemwe wazi kwa sababu marekebisho yaliyofanywa bila masharti kutimia yanaweza kuharibu zaidi. Sharti moja ni kwamba makosa ya majibu mawili yasifuatane. Yule anayejipandishia elimu anaweza kumpandishia na ndugu yake. Familia nzima inaweza kuamini kwamba kaka mkubwa alimaliza kidato cha nne kwa kuwa ndivyo alivyosema mwenyewe miaka yote. Hapo jibu la pili ni mwangwi wa lile la kwanza, na kuwapanga watu kwa hilo hakurudishi kilichopotea. Suala hili la makosa yanayofuatana ni sehemu ya sababu iliyowafanya watafiti wa Twinsburg watoe makadirio zaidi ya moja.

Sharti jingine ni gumu zaidi, nalo huvunjika mara nyingi katika elimu. Hesabu yetu yote ilidhani kwamba kosa halijali mtu amesoma kiasi gani. Lakini asiyekanyaga shule hawezi kuandikiwa chini ya sifuri. Akikosewa atakosewa kwenda juu tu. Mwenye shahada ya uzamivu, aliyefika juu kabisa, akikosewa atakosewa kwenda chini. Na wanaokadiria elimu ya wengine huelekea kusema namba za katikati. Turudi kwa watu wetu wanne, safari hii tuwakosee hivyo: wa miaka 7 waandikwe 8, wa miaka 11 waandikwe 10. Pengo la shilingi 80,000 sasa limekaa juu ya miaka 2, na mtafiti atatangaza kwamba mwaka mmoja wa shule una thamani ya shilingi 40,000, mara mbili ya ukweli. Ndugu akikosea kwa mtindo huohuo, kuwapanga watu kwa jibu lake kutatoa 40,000 tena.

Katika hali hiyo majibu ya mdomo hayatoshi, yawe mawili au kumi. Kinachohitajika ni kumbukumbu iliyoandikwa wakati mambo yanatokea, kama cheti cha kumaliza darasa la saba, cheti cha kidato cha nne, au daftari la uandikishaji la shule. Si lazima kuzitafuta kwa wahojiwa wote. Wakaguliwe wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na mtafiti aweke jibu la mdomo kando ya cheti, mtu kwa mtu. Hapo ataona kama waliosoma kidogo wamezidishiwa na waliosoma sana wamepunguziwa, na kwa kiasi gani, kabla hajaamua marekebisho yake yaelekee upande upi.